Herufi 29 za Ufunguzi wa Sutra ya Almasi

Sentensi tutakayoisoma leo ina herufi 29 tu. Ndiyo inayofungua Sutra ya Almasi, iitwayo kwa Kichina Jīngāng jīng, katika tafsiri iliyofanywa na mtawa Kumārajīva mjini Chang'an mwaka 402. Humo hamna falsafa yoyote. Inataja nani alisikia, wakati gani, Buda alikuwa wapi, na alikuwa pamoja na akina nani. Wasomaji wengi huipita mbiombio ili wayafikie mafundisho yenyewe. Mimi nimeichagua kwa sababu inamkabidhi msomaji, mapema kabisa, ile kazi ngumu kuliko zote katika kusoma maandiko ya Kibuda kwa Kichina cha kale.

Kazi yenyewe ni hii. Kila herufi ya Kichina hubeba vitu viwili kwa pamoja, sauti na maana. Mtafsiri alipokutana na neno la Kihindi alikuwa na njia mbili. Aliweza kuitafuta maana yake na kuandika herufi zenye maana hiyo. Au aliweza kuinukuu sauti, yaani kuchukua herufi zinazotamkika kama lile neno la kigeni na kuzivua maana zake. Njia zote mbili zilitumika, mara nyingine ndani ya jina moja. Ukurasa haukwambii ipi ni ipi. Kichina hakina herufi kubwa za kutambulisha majina, hakiachi nafasi kati ya maneno, na miswada ya kale haikuwa na alama za kituo kama tulizozizoea. Kwa hiyo kila ufikapo kwenye herufi, unauliza: hii imewekwa hapa kwa ajili ya maana yake, au kwa ajili ya mlio wake tu? Kati ya herufi 29 za sentensi yetu, 6 ni za mlio. Hao 6 ndio watakaotushughulisha zaidi, pamoja na jirani zao wachache wanaojifanya kuwa kundi moja nao.

Neno moja juu ya maandishi. Maneno ya Kisanskriti nayaandika kwa mfumo wa wanazuoni: kistari juu ya irabu huirefusha, ś na ṣ zote zisomwe karibu na sh yetu, c isomwe ch, na ṃ ni sauti ya puani. Herufi za Kichina nazifuatisha na matamshi ya leo ya Beijing. Lakini tukumbuke tangu mwanzo kwamba watawa wa karne ya 5 hawakutamka hivyo, na tofauti hiyo itatuletea taabu baada ya muda mfupi.

Tuanze na herufi nne za kwanza: 如是我聞, rú shì wǒ wén. Zinasimama mahali pa maneno ya Kisanskriti evaṃ mayā śrutam.

如 ni "kama". 是 hapa ni "hii, hivi". Mwanafunzi aliyejifunza kwanza Kichina cha leo huteleza papo hapo, maana leo 是 ni kitenzi cha "kuwa", na ataanza kuhangaika na sentensi isemayo "kama ni". Katika lugha ya kale 是 ni neno la kuonyesha, na 如是 kwa pamoja ni "hivi, namna hii", sawasawa na evaṃ. 我 ni "mimi". 聞 ni "kusikia", na umbo lake linaonyesha jinsi herufi nyingi zilivyojengwa: ndani yake mna sikio 耳, linalodokeza maana, na limezungukwa na lango 門, linalodokeza mlio, kwa kuwa lango ni mén na kusikia ni wén. Mtego upo hapa pia, kwani katika mazungumzo ya leo wén humaanisha zaidi kunusa.

Sasa tazameni sarufi. Kisanskriti hakisemi "nilisikia". Śrutam ni "kilichosikiwa", na mayā ni "mimi" katika hali ya mtendaji wa kauli ya kutendwa: "hivi ilisikiwa nami". Kiswahili kinaweza kuibeba kauli hiyo bila jasho, kwa sababu tuna kutendwa na tuna "na" ya mtendaji. Kumārajīva aliiacha. 我聞 ni "mimi nimesikia", kauli ya kutenda. Hata hivyo hakuachana kabisa na Kisanskriti, kwa sababu mpangilio wa maneno ni wa Kihindi. Mchina aandikaye kwa mazoea yake angesema 我聞如是, "mimi nimesikia hivi", na kweli kuna tafsiri zinazofungua namna hiyo. Watafsiri waliotangulia walikuwa wakiandika 聞如是, "kusikia hivi", bila ya kumtaja anayesikia. Kumārajīva akaweka "hivi" mbele kama ilivyo katika evaṃ, akamrudisha "mimi", na tangu siku zake umbo hilo likawa ndilo la kawaida, hata Mchina asiyejua neno la Kisanskriti akilisikia anajua kwamba sutra imeanza.

Huyo "mimi" hatajwi jina. Mapokeo yanasema ni Ānanda, binamu na mhudumu wa Buda, aliyeyakariri mafundisho mbele ya watawa waliokusanyika Rājagṛha baada ya mwalimu wao kufariki. Waliolelewa katika masomo ya hadithi za Mtume watatambua haraka haja ya maneno haya: msimulizi anajitambulisha kuwa ni mpokezi, si mtungaji. Tofauti ni kwamba isnadi hutaja majina moja baada ya jingine, na hapa pana sikio moja tu lisilo na jina.

Zinafuata 一時, yī shí, "wakati mmoja", kwa Kisanskriti ekasmin samaye. Herufi zenyewe ni rahisi, ila swali la mahali pa kupumua si rahisi. Je, wakati mmoja unakwenda na kusikia au na kukaa kwa Buda? "Hivi nilisikia wakati mmoja. Buda alikuwa..." au "Hivi nilisikia. Wakati mmoja Buda alikuwa..."? Kwa kuwa miswada haikuweka vituo, hoja zimekuwapo kwa pande zote mbili. Mwaka 1950 mwanazuoni John Brough aliandika makala akitetea kusoma kwa namna ya kwanza kwa upande wa Kisanskriti. Wachina kwa kawaida hukata baada ya 聞, na mdundo wa herufi nne nne unawasaidia: masikio yao yamezoea fungu la herufi nne lililofungwa. Mimi nafuata mkato wa Kichina ninaposoma Kichina, kwa sababu ndivyo walivyoisikia waliosomewa. Hiyo haimaanishi kwamba swali la Kisanskriti limejibika.

Sasa tumefika 佛, fó, na hapa ndipo herufi ya kwanza ya mlio. Upande wa kushoto ina mtu 亻, na upande wa kulia 弗, neno la kale la kukanusha, lililowekwa hapo kwa ajili ya sauti. Herufi hii ilikuwapo kabla dini ya Buda haijafika China, katika neno lenye maana ya kufanana kwa mbali au kuonekana kwa ukungu. Watafsiri waliiazima ili kunukuu buddha, mara kwa herufi mbili 佛陀, mara kwa hii moja peke yake.

Mtauliza: fó inafananaje na buddha? Kwa matamshi ya Beijing haifanani hata kidogo. Ndiyo ile taabu niliyoigusa. Herufi hazikubadilika, ila sauti zilibadilika kwa zaidi ya miaka elfu moja na nusu. Tunajuaje basi? Kwa kuwauliza mashahidi, yaani lugha zilizochukua neno hili zamani zikalihifadhi kila moja kwa namna yake. Wajapani husema butsu, Wakorea bul, Wavietnam Phật, na watu wa Guangdong husema fat. Mbili zina b mwanzoni. Mbili zinaishia na t wazi, Kijapani kimeongeza irabu baada ya t, na Kikorea kimeigeuza t kuwa l, jambo kinalolifanya katika maneno mengi ya aina hiyo. Kusanya ushahidi huo na unapata mlio wa kale ulio karibu na but. Sasa buddha inaonekana. Hii ni kanuni ya kazi: usimhukumu mtafsiri wa kale kwa masikio ya Beijing ya leo.

Kuna jambo jingine ndani ya 佛. Kisanskriti mahali hapa hakina buddha. Kina bhagavān, jina la heshima ambalo kwa Kiswahili ningelisema "Mtukufu". Kumārajīva alibadilisha, akaweka jina fupi linalojulikana na kila mtu. Xuanzang, msafiri mashuhuri aliyerudi kutoka India mwaka 645 na kuitafsiri upya sutra hii ndani ya mkusanyo mkubwa alioumaliza mwaka 663, hakukubali. Yeye aliandika 薄伽梵, bó qié fàn, yaani bhagavān kwa mlio. Mapokeo ya Kichina yanamtaja Xuanzang kuwa aliweka sababu tano za kutotafsiri neno, na moja ni pale neno linapobeba maana nyingi kiasi kwamba kuchagua moja ni kuzipoteza nyingine. Mfano unaotolewa ni bhagavat hasa, linalohesabiwa kuwa na maana sita. Kumārajīva alijali kueleweka, na Xuanzang alijali kutopoteza kitu. Nawaheshimu wote wawili, lakini naona si ajabu kwamba kwa miaka yote hii wanaoikariri Sutra ya Almasi wanaikariri ya Kumārajīva.

在, zài, ni "kuwapo mahali". Hapo hapana fumbo.

舍衛國, shè wèi guó. Hapa mwanafunzi mwenye kamusi huangamia. Atafungua 舍 na kukuta "nyumba", au "kuacha". Atafungua 衛 na kukuta "kulinda". 國 ni "nchi". Atatoka na "nchi ya kulinda nyumba", na ubaya ni kwamba maana hiyo inakaribia kuingia akilini. Kosa la aina hii haligunduliki kwa kuitazama sentensi yenyewe tu. Linagundulika kwa dalili za pembeni. Dalili ya kwanza ni 國: herufi inayotaja aina ya kitu ikifuata herufi mbili zisizoshikana kimaana, shuku jina la mahali. Dalili ya pili ni kwamba 舍衛 hurudi katika mamia ya sutra kwa umbo lilelile, palepale baada ya 在, jambo ambalo maelezo ya kawaida hayafanyi. Dalili ya tatu, iliyo na nguvu zaidi, ni kuweka tafsiri nyingine kando. Xuanzang ana 室羅筏, shì luó fá, mahali hapo hapo. Chumba, wavu, na chelezo: kimaana hazihusiani kwa lolote na kulinda nyumba. Watafsiri wawili wakiwa na herufi tofauti kabisa kwa mahali pamoja, wanachonukuu ni mlio.

Mlio wenyewe ni Śrāvastī, mji mkuu wa ufalme wa Kosala. Magofu yake yako Saheth-Maheth, katika jimbo la Uttar Pradesh, na Alexander Cunningham ndiye aliyeyatambua katika karne ya 19.

Tazameni tofauti ya kunukuu. Kichina hakipendi konsonanti mbili zilizobanana kama śr, wala hakikuwa na r ya mwanzo wa silabi. Sisi tunaijua shida hii kwa midomo yetu: Kiarabu kilitupa waqt tukasema wakati, kikatupa ism tukasema isimu, kwa kuchomeka irabu ili konsonanti zipumue. Xuanzang alifanya vivyo hivyo. Aliipasua śr kuwa silabi mbili, shi na la, na l ikakaimu nafasi ya r. Herufi yake ya tatu, 筏, zamani iliishia na t, kwa hiyo ikaweza kumeza sehemu ya -vast-. Ile 舍衛 ya zamani haina dalili ya r hata kidogo. Sababu si uzembe. Jina hili lilifika China karne kadhaa kabla ya Xuanzang, kwa vinywa vya watu waliozungumza lugha za kawaida za Kihindi na za Asia ya Kati, siyo Kisanskriti safi. Katika Kipali mji huu huitwa Sāvatthī, na r haimo. Na 衛, kwa maoni ya wanaochunguza sauti za kale, wakati jina hili lilipoandikwa kwanza ilikuwa bado na konsonanti mwishoni, iliyopotea baadaye. Kwa hiyo Kumārajīva hakuinukuu upya. Aliikuta imeshazoeleka akaiacha.

Hilo linaleta swali la haki: kwa nini mtu aliyekijua Kisanskriti asisahihishe? Jibu ni maisha yake. Alizaliwa Kucha, mji wa chemchemi kwenye ukingo wa kaskazini wa jangwa la Taklamakan, baba akiwa Mhindi na mama wa ukoo wa kifalme wa Kucha. Jemadari Lü Guang alipouteka mji akamchukua mateka, na kwa takribani miaka 17 akakaa Liangzhou, kwenye mpaka wa kaskazini magharibi mwa China. Huko akajifunza Kichina kwa kuishi nacho. Alipofikishwa Chang'an mwishoni mwa mwaka 401 kwa amri ya mtawala Yao Xing, alikuwa akijua masikio ya Wachina yamekwisha kuzoea nini. Aliifasiri sutra ikisomwa kwa sauti mbele ya mkusanyiko wa watawa waliokuwa wakiuliza na kuandika. Jina lililokwisha kukaa midomoni mwa watu hakuligusa.

Sasa tuingie fungu lililo gumu kuliko yote, herufi sita: 祇樹給孤獨園, qí shù jǐ gū dú yuán.

祇 ni mlio. Ni nusu ya kwanza ya 祇陀, inayonukuu Jeta, jina la mwana wa mfalme. Tahadhari mbili. Kwanza, herufi hii husomwa pia zhǐ ikiwa na maana ya "tu, pekee", na ukiisoma hivyo utapata "miti tu". Pili, ina pacha wake, 祗, mwenye nukta moja ya ziada chini, maana yake heshima, na wanakili wamezichanganya mara nyingi. Ukiona "miti ya heshima" katika tafsiri ya mtu, umejua nukta ilipotelea wapi. 樹 ni "mti", na hii ni herufi ya maana, inayosimama badala ya vana, "kichaka, msitu mdogo". Basi 祇樹 ni neno lenye nusu ya mlio na nusu ya maana: miti ya Jeta, Jetavana. Xuanzang aliandika 誓多林: Jeta kwa herufi nyingine mbili za mlio, na 林, "kichaka", ambayo ni sahihi zaidi kuliko mti.

Msomaji aliyekwisha kung'atwa na 舍衛 na 祇 sasa ana wasiwasi wa kila herufi. Anafika 給孤獨 na kuanza kutafuta jina la Kihindi linalotamkika ji-gu-du. Halipo. Hapa mtafsiri amegeuza njia bila kutangaza: herufi hizi tatu ni jina la mtu, lakini limetafsiriwa kwa maana. Mtu mwenyewe ni Anāthapiṇḍada, tajiri wa Śrāvastī ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sudatta. Jina lake la sifa linapasuka hivi: a-nātha, asiye na mlinzi, piṇḍa, donge la chakula, sawasawa na tonge letu, da, mpaji. Mwenye kuwapa tonge wasio na wa kuwalinda. Kwa Kichina 給 ni kupatia mahitaji, na husomwa jǐ, siyo gěi ya leo ya "kupa". Tonge limeachwa, limebaki tendo. Halafu 孤獨. Kichina cha leo kingesema "upweke", na nimeona watu wakimwita tajiri huyu mfariji wa wapweke. Katika lugha ya kale hizi ni hali mbili tofauti za jamii. 孤 ni mtoto aliyefiwa na baba. 獨 ni mzee asiye na mtoto. Mwanafalsafa Mengzi, karne nyingi kabla, aliziorodhesha pamoja na mjane wa kiume na wa kike kuwa ndio watu wanne ambao mtawala anapaswa kuwaangalia kwanza. Mtafsiri aliposema 孤獨 alikuwa akilichukua neno la Kihindi la wasio na mlinzi na kuliweka mahali ambapo Mchina aliyesoma angetambua wajibu wa zamani wa kwao. Kwangu mimi hapa ndipo kazi ya tafsiri inapofikia kilele katika sentensi nzima.

園, yuán, ni bustani, badala ya ārāma. Lakini kwa nini mahali pamoja pana majina mawili, miti ya Jeta na bustani ya Anāthapiṇḍada? Kisa kinasema tajiri alitaka kumnunulia Buda kiwanja cha mwana wa mfalme. Jeta, akitaka kumkatisha tamaa, alimwambia bei ni sarafu za dhahabu za kukifunika chote. Tajiri akaleta mikokoteni akaanza kutandaza. Sarafu zilipokwisha na sehemu moja kubaki wazi, Jeta aliguswa akaitoa sehemu hiyo mwenyewe. Wafafanuzi wa Kichina huisoma sentensi kwa kisa hicho: miti ni sadaka ya mmoja, ardhi ya bustani ni sadaka ya mwingine, na jina linawashukuru wote wawili. Tendo la kutandaza sarafu limechongwa kwenye jiwe huko Bharhut, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, pamoja na maandishi yanayowataja Jeta na tajiri huyo. Mabaki ya Bharhut yamehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la India, Kolkata. Kwa hiyo jina hili refu lilikuwa limekwisha kuchongwa zaidi ya miaka 500 kabla ya Kumārajīva kuligusa.

Herufi 12 zilizosalia ni nyepesi kwa anayejua mifupa ya sentensi. 與, yǔ, ni "pamoja na", ingawa kamusi pia itakupa "kutoa". Mwisho kabisa yuko 俱, jù, "kwa pamoja". Hizi mbili zinashikana mkono juu ya kila kilicho kati yao, na kwa pamoja zinasimama badala ya sārdham. Ukiona 與 baada ya mahali kutajwa, ruka mbele utafute 俱 kwanza, kisha rudi ujaze katikati. Ndani yake: 大比丘眾, "mkutano mkubwa wa watawa", kwa Kisanskriti mahatā bhikṣusaṃghena. 大 ni kubwa, 眾 ni mkutano, zote za maana. 比丘, bǐ qiū, ni za mlio. Kimaana zingekuwa "linganisha" na "kilima", na kilima ndilo lililokuwa jina la kuzaliwa la Kongzi, lakini hapa hayupo. Zamani 丘 ilikuwa na k yenye pumzi mwanzoni, karibu na khu, na Wajapani bado wanasema biku. Linganisha bhikkhu ya Kipali na bhikṣu ya Kisanskriti, na utaona tena kwamba neno lilifika kwa kinywa cha lugha ya kawaida. Xuanzang aliandika 苾芻, bì chú, akiitafuta ile kṣ kwa sauti iliyo karibu na ch. Alikuwa sahihi zaidi, ila watu wakaendelea kusema bǐqiū.

Halafu hesabu: 千二百五十人, elfu, mbili, mia, tano, kumi, watu. Watu 1,250. Kichina ni wazi kabisa, na hapa kwa mara ya kwanza Kichina ndicho kinachokisaidia Kisanskriti. Maana Kisanskriti kinasema ardhatrayodaśabhir bhikṣuśataiḥ. Śata ni mia, trayodaśa ni kumi na tatu, ardha ni nusu. Mwanafunzi huchukua nusu ya mia kumi na tatu akapata 650, au akaongeza nusu juu ya kumi na tatu akapata 1,350. Zote si sahihi. Muundo huu unamaanisha kwamba ya kumi na tatu ni nusu tu: mia kumi na mbili kamili, na ile ya kumi na tatu ikafika katikati. Mapokeo huieleza idadi hii kwa wafuasi 1,000 waliokuja na ndugu watatu wa ukoo wa Kāśyapa na 250 waliokuja na Śāriputra na Maudgalyāyana. Kumārajīva na Xuanzang, waliotofautiana karibu kila mahali penye mlio, hapa wameandika herufi zilezile.

Na baada ya 俱 sentensi imefungwa. Nasema hivyo kwa kusudi, kwa sababu katika maandishi ya Kisanskriti yaliyochapishwa na Max Müller huko Oxford mwaka 1881 sentensi inaendelea: baada ya watawa 1,250 inawaongeza bodhisattva wengi, wale wanaoelekea ubuda kwa ajili ya viumbe wote. Kumārajīva hana. Xuanzang, asiyependa kuacha kitu, naye hana. Kama mmoja tu angewakosa tungesema amefupisha, na Kumārajīva anajulikana kwa kufupisha. Wakiwakosa wote wawili, wakiwa wametengana kwa zaidi ya miaka 250 na kila mmoja akitumia mswada wake, dhana iliyo nyepesi kuaminika ni kwamba bodhisattva hawakuwamo katika miswada waliyoishika, na kwamba mkono fulani uliwaingiza baadaye ili mkutano ulingane na mafundisho yanayofuata. Sutra ya Almasi inazungumza sana juu ya bodhisattva, lakini katika bustani ya Anāthapiṇḍada, kwa ushahidi wa herufi hizi, waliokuwa wameketi ni watawa.